UZI: Video ya sekunde 15 ya asali yangu. Sina mwigizaji, nina simu tu. Naipangaje kwenye karatasi?

MamaAsali_Arua

Habari zenu wadau. Niko Arua, nauza asali ya huku kwetu West Nile kwenye chupa za kioo za nusu kilo. Wateja wangu wengi wako Kampala, nawatumia kwa basi. Shida yangu ni kwamba asali ikikaa wiki kadhaa inaganda, mteja anapiga picha na kunitumia: "Mama, hii umechanganya sukari." Namweleza yeye, kesho anakuja mwingine na picha ileile.

Nataka video ya sekunde 15 ya kuweka TikTok na WhatsApp Status. Sina mwigizaji, na sura yangu sitaki ionekane. Nina simu ya Android na dirisha lenye mwanga mzuri. Nimeandika vitu ninavyotaka vionekane: mizinga, nyuki, akina mama wakichuja, chupa, bei, faida za asali, ramani ya Arua, namba ya simu na namna ya kuiyeyusha ikiganda. Binti yangu anasema ni mengi. Nipunguze nini? Na hiyo storibodi watu wanayosema, yaani video iliyochorwa kwanza kwenye karatasi picha kwa picha, mtu asiyejua kuchora anaifanyaje?

BosiWaSlomo

Mama, usihangaike na karatasi. Weka simu kwenye 120 fps, yaani fremu 120 kwa sekunde, mimina asali, irudishe kwa mwendo wa polepole. Asali ya slomo inavutia kuliko kitu chochote, watu watatazama mpaka mwisho. Halafu anza na lile jaribio la maji: tone la asali kwenye glasi, likizama bila kutawanyika ni asali halisi. Hapo wote wanaosema sukari watanyamaza.

FundiPicha_Kla

Mama, shikamoo. Mimi kazi yangu ni kupiga picha na video za bidhaa hapa Kampala. Nianze na hilo la maji kabla hujalifuata: usiliweke. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo huzama vilevile bila kutawanyika. Mteja mmoja akilijaribu nyumbani na sharubati yake, video yako itageuka ushahidi dhidi yako.

La slomo, Bosi yuko sahihi kwamba asali inapendeza ikienda polepole. Ila afanye hesabu. Kitendo cha sekunde moja kilichorekodiwa kwa 120 fps, ukikicheza kwa 30 fps, kinakuwa sekunde nne. Mama ana 15 tu. Mmimino mmoja wa sekunde mbili utakula nane, na wateja bado hawajaambiwa kitu. Tena asali yenyewe tayari ni ya polepole. Na kwa 120 fps kila fremu inapata muda mfupi sana wa kupokea mwanga, kwa hiyo ndani ya nyumba picha inakuja na chengachenga, unaziona kwenye sehemu zenye giza.

Sasa swali lako. Kwenye orodha yako kuna video tano. Chagua ile ambayo wateja wenyewe wamekuchagulia: asali ikiganda haijaharibika, na inarudi hivi. Hiyo ina bahati moja kubwa kwa mtu asiye na mwigizaji: kitu chenyewe kinabadilika mbele ya kamera. Mwanzo ni chembechembe, mwisho ni asali inayotiririka. Kinachohama kutoka hali moja kwenda nyingine ndicho mwigizaji wako. Mizinga, ramani na akina mama wanaochuja ni vizuri, lakini havibadiliki ndani ya sekunde mbili. Viwekee video nyingine.

Okello_wa_Gulu

Na sisi wa odii je? Karanga na simsim zikisagwa hazimiminiki, hazingʼai. Nimeweka mkebe mezani nikauzungusha, watu wanapita tu.

FundiPicha_Kla

Okello, nitakurudia. Nimalizie karatasi ya Mama kwanza.

Chukua karatasi ya A4, ikunje katikati mara tatu. Ukiifungua una vyumba nane. Ndani ya kila chumba chora kisanduku cha sentimita 4.5 kwa 8, kimesimama. Hicho ndicho kipimo cha skrini ya simu, 9:16, kimepunguzwa tu. Pembeni na chini yake inabaki nafasi ya kuandika.

Kabla hujachora chochote, piga mstari ndani ya kisanduku sentimita 2 kutoka chini, na mwingine kama milimita 7 kutoka ukingo wa kulia. Chini ya mstari ule ndipo TikTok inapoweka jina lako na maelezo, kulia ndipo kuna moyo na alama za komenti. Chochote utakachoweka huko kitafunikwa. Watu wengi wanapiga chupa imekaa chini ya skrini, na lebo inajificha nyuma ya maandishi yao wenyewe.

Kuchora usikuogope. Chupa ni mstatili, kijiko ni mstari wenye duara. Cha muhimu zaidi ni mambo matatu unayoandika chini ya kila kisanduku: nini kinasogea, sekunde ngapi, na maneno gani yanasomeka. Kisanduku ambacho huwezi kujibu "nini kinasogea" ni picha ya kawaida, kitoe au kitafutie kitendo.

Vyumba ni nane lakini utumie sita. Sekunde 15 zikigawanywa kwa nane kila picha inapata chini ya mbili, na jicho linachoka.

Msafiri256

Samahani, hiyo video ikitengenezwa kwa katuni bei yake ni ngapi? Maana naona mnasema kuchora. Nina duka la vipuri vya boda hapa Busia nataka nami nichorewe.

FundiPicha_Kla

Ndugu yangu, michoro hii haionekani kwenye video. Ni ramani ya kazi tu, unaichora kisha unakwenda kupiga vitu halisi. Kwa vipuri, karatasi hiihii inakufaa.

Mama, kwa kuanza ningeipanga hivi. Picha ya kwanza, sekunde 2: chupa ya asali iliyoganda kwa karibu, mkono unachomeka kijiko katikati na kukiachia, kijiko kinabaki wima. Maneno: "Asali imeganda?" Kijiko kinachosimama chenyewe ni kitu ambacho mtu anataka kujua kimefanyaje. Ya pili, sekunde 2: kijiko kinakwangua, chembechembe zinaonekana. "Haijaharibika." Ya tatu, sekunde 2 na nusu: chupa inashuka kwenye bakuli la maji. "Maji ya vuguvugu, si ya moto." Ya nne, sekunde 3: chupa ileile, mahali palepale, chembe zinapotea hatua kwa hatua. Ya tano, sekunde 3: asali inamiminika kutoka kijikoni juu ya kipande cha chapati, dirisha liko nyuma yake. Ya sita, sekunde 2 na nusu: chupa yenye lebo, na jina la biashara. Jumlisha, ni 15 kamili.

Maneno kila mahali ni machache kwa makusudi. Kipimo changu: soma kwa sauti bila haraka. Ukimaliza na picha bado ipo, yanatosha. Ukikimbizana nayo, punguza maneno au ongeza sekunde kwa kuiba kwa jirani. Status nyingi zinatazamwa bila sauti, kwenye taksi, ofisini. Video ieleweke ikiwa bubu.

MfugajiNyuki_Yumbe

Mimi video sijui, nyuki najua. Nina mambo mawili.

Kwanza, msiandike popote kwamba "ikiganda ndiyo asali halisi". Asali huganda kwa sababu glukosi iliyomo ni nyingi kuliko inavyoweza kubaki imeyeyuka, basi inajitenga na kuwa chembe. Asali yenye glukosi nyingi huganda mapema, yenye fruktosi nyingi hukaa muda mrefu, inategemea nyuki wamekula maua gani. Na baridi kidogo huharakisha. Ndiyo maana ya Mama inatoka Arua nyororo, inafika Kampala kwenye usiku wa baridi inaganda. Lakini hata asali iliyochanganywa inaweza kuganda. "Haijaharibika" ni kweli, liacheni hapo.

Pili, hayo maji yasizidi nyuzi 40. Mtu akitia mkono avumilie vizuri bila kuutoa. Maji yanayochemka hubadilisha harufu na rangi, na kioo baridi kinaweza kupasuka. Kwa vuguvugu la kweli, nusu kilo iliyoganda sana haiyeyuki kwa dakika kumi. Tegemeeni masaa mawili, pengine zaidi, na maji yabadilishwe yakipoa.

MamaAsali_Arua

Asante mzee wangu. Masaa mawili! Sasa nitarekodi masaa mawili kwa simu hii? Betri haifiki. Na umeme wa huku mnaujua.

BosiWaSlomo

Kuna Time-lapse kwenye kamera, inabana yenyewe masaa yawe sekunde. Weka chaja.

FundiPicha_Kla

Inawezekana, Bosi, lakini kwa kazi hii itakusumbua. Maji lazima yabadilishwe katikati, chupa itaguswa, simu itatikisika, na jua litakuwa limehama. Utaona chupa ikiruka huku na kule.

Mama, tumia picha za kawaida, tano tu. Weka alama ya selotepu ndogo mezani mahali chupa inapokaa, na nyingine mahali stendi ya simu inaposimama. Piga picha ya kwanza kabla ya maji. Kila nusu saa toa chupa, ikaushe kabisa kwa kitambaa, irudishe kwenye alama, piga. Kwa masaa mawili una picha tano. Kila moja sekunde 0.6, zikiingiliana polepole, hizo ndizo sekunde 3 za picha ya nne. Andika "Saa mbili baadaye" kwenye ile ya mwisho, mteja asidhani ni uchawi wa dakika moja kisha akuletee malalamiko mengine.

Kinachoharibu hapa ni rangi. Simu ikiachwa ijiamulie, picha ya kwanza itakuwa ya njano, ya tatu ya samawati, na mtazamaji ataamini umebadilisha chupa. Kama simu yako ina hali ya Pro, weka WB, yaani usawazishaji wa rangi nyeupe, mahali pamoja, kwa mwanga wa dirisha karibu 5500K, uiache hapo siku nzima. Kama haina, weka karatasi nyeupe kwenye fremu pembeni kabisa, utaitumia kusawazisha rangi baadaye kwenye programu ya kuhariri video, CapCut, kisha uikate.

Taa za chumbani zima. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na balbu nyingi za LED zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona: unapata mistari ya giza inayopanda juu ya skrini. Ukilazimika kutumia balbu, weka shutter, ule muda wa kamera kupokea mwanga, 1/100 ya sekunde, mistari inatulia. Lakini dirisha ni bora.

Dirisha lako linaangalia wapi?

MamaAsali_Arua

Kusini. Jua la asubuhi linaingia kidogo ubavuni, mchana haliingii.

FundiPicha_Kla

Kwa miezi ya Juni na Julai una bahati. Jua wakati huo liko kaskazini yetu, dirisha la kusini linabaki na mwanga laini mchana kutwa. Desemba ingebidi uhamie upande wa pili wa nyumba, au utundike shuka jeupe. Anza saa nne asubuhi, umalize kabla ya saa tisa.

Kuna jambo ambalo storibodi itakuokolea. Mpangilio wa hadithi si mpangilio wa kupiga. Chupa ikishayeyuka huwezi kuirudisha ikawa chembechembe leo. Kwa hiyo piga kila kitu cha "kuganda" kwanza: picha ya 1, ya 2, halafu ile ya kwanza kati ya zile tano. Kisha ya 3. Ile ya kumimina na ya lebo ziwe mwisho. Andika namba ya kupiga kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya kila kisanduku. Na uwe na chupa ya pili iliyoganda, pembeni, maana kijiko kikianguka mara ya kwanza utakuwa tayari umetoboa asali.

AdongoLira

Naomba kuongeza la lebo. Lebo zetu za karatasi zikiingia kwenye maji zinachubuka na wino unatawanyika. Nimeliona kwenye mafuta yangu ya shea nilipokuwa nayayeyusha kwa maji ya moto. Mama, ya bakulini iwe chupa isiyo na lebo, na yenye lebo isiguse maji kabisa.

FundiPicha_Kla

Adongo, hilo sikuwa nimeliandika na ni la muhimu. Ila basi picha ya 1, 2, 3 na 4 zote zitumie chupa isiyo na lebo, isije lebo ikawepo kisha ikapotea katikati. Kifuniko kiwe cha rangi ileile ya chupa ya mwisho, macho ya watu yanafuata kifuniko.

Kwenye picha ya tano, dirisha likiwa nyuma asali itawaka kama taa. Ya sita ndiyo ngumu: mwanga ukitoka nyuma, lebo inakuwa giza. Simamisha manila nyeupe mbele ya chupa, nje tu ya fremu upande mmoja, irudishe mwanga kwenye lebo. Vaa nguo nyeusi, kioo kinaonyesha kila kitu kilicho mbele yake. Na futa lenzi ya simu. Mwanga ukiwa na ukungu kuzunguka chupa, ni mafuta ya vidole.

Kila klipu bonyeza skrini kwa muda mpaka ifunge fokasi na mwanga, ndipo uingize mkono. Usipofunga, mkono ukiingia picha nzima inatiwa giza kisha inarudi. Anza kurekodi sekunde moja kabla ya kitendo, acha moja baada yake.

Okello_wa_Gulu

Fundi, uliniahidi.

FundiPicha_Kla

Nimekumbuka. Mkebe unaozunguka haubadiliki, ndiyo sababu wanapita. Odii yako inabadilika wapi? Mimi naona inapotiwa kwenye mboga: malakwang ya kijani iko chunguni, kijiko cha odii kinaingia, kinakorogwa, rangi inageuka. Kamera iwe juu kabisa ya chungu, ila mvuke utaifunika lenzi, kwa hiyo moto uzimwe kabla ya kurekodi. Mwanga wa pembeni, siyo wa nyuma, maana odii haipitishi mwanga, inataka vivuli vidogo vionyeshe ulaini wake. Jaribu visanduku vinne, usianze na mkebe.

Okello_wa_Gulu

Nimeelewa. Mke wangu anasema aanze na sauti ya kinu. Nitachora.

MamaAsali_Arua

Wadau, nimerudi. Nimechora visanduku sita. Fundi aliniambia inboksi nivipige picha, niviweke kwenye CapCut kila kimoja kwa sekunde zake, nitazame michoro kama video kabla ya kupiga kitu chochote. Nikamwonyesha dada wa duka la jirani, sikumweleza. Nikamwuliza ameona nini. Akasema: "Asali imeharibika, wanaiosha."

FundiPicha_Kla

Afadhali umejua leo. Mshangao wa picha ya 1 umemshika, lakini "Haijaharibika" hajaisoma. Iko wapi kwenye skrini?

MamaAsali_Arua

Chini, juu tu ya ule mstari.

FundiPicha_Kla

Jicho lake liko kwenye kijiko, ambacho kiko juu. Peleka maneno juu, karibu na kinachosogea. Na picha ya 2 ipe nusu sekunde zaidi, uichukue kwenye ya 5. Kisha mwonyeshe mtu mwingine, si yuleyule.

BosiWaSlomo

Na namba ya simu haipo popote? Mtu atanunuaje?

FundiPicha_Kla

Tarakimu kumi hazinakiliki kwa sekunde mbili na nusu. Kwenye Status mteja anajibu palepale. TikTok iwe kwenye wasifu wake.

AdongoLira

Hapo sikubaliani, Fundi. Video zetu watu wanazipakua, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wasifu haufuati. Mimi nimepata wateja ambao hawajui hata akaunti yangu, walisimamisha video wakaandika namba. Iwe kwenye lebo yenyewe, kubwa.

FundiPicha_Kla

Kwenye lebo nakubali kama inasomeka bila kuigusa. Kwenye skrini bado nasema hapana, inapigana na jina.

MamaAsali_Arua

Nitafanya mbili, moja yenye namba na moja bila, nione simu zinatoka wapi. Dada wa pili nimemwonyesha jana, wa saluni. Amesema: "Kumbe inayeyuka kwa maji tu, mbona ile ya nyumbani niliitupa." Napiga Jumamosi. Chupa mbili zilizoganda ninazo, bakuli la kioo nimeazima, kilichobaki ni manila na selotepu.

MfugajiNyuki_Yumbe

Mama, kijiko kiwe kikavu. Tone la maji likibaki kwenye chupa ya akiba, hiyo usiiuze, uile nyumbani.